Kuku yumo chunguni: namna ya kuandika upya ukurasa wa kitabu cha watoto kilichotafsiriwa

Soma ukurasa huu kwa sauti, polepole, kama anavyosoma mtoto wa darasa la kwanza anayefuata maneno kwa kidole:

"Wakati wa machweo ulipowadia, Neema aligundua kwamba kuku wake mpendwa hakuwa anaonekana popote. Akiwa amejawa na wasiwasi, alianza kumtafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango na ndani ya kikapu ambacho kilikuwa kimewekwa na bibi yake kando ya jiko. 'Uko wapi, kipenzi changu?' alimwita. Ghafla, sauti ndogo ilisikika ikitokea ndani ya chungu kikubwa ambacho kilikuwa hakijatumiwa kwa muda mrefu. Alikuwa ameketi juu ya mayai yake, akionekana mwenye fahari."

Ukurasa huu nimeutunga mwenyewe, kwa kuiga tafsiri, kwa ajili ya mwongozo huu, lakini hakuna fundo hata moja ndani yake ambalo sijalikuta katika vitabu vya picha vilivyotafsiriwa. Sarufi yake haina kosa la kukupa alama nyekundu. Mfasiri hakukosea neno. Hata hivyo mtoto akifika kwenye "hakijatumiwa" amekwisha kusahau kwamba kuna kuku aliyepotea. Maneno 67, sentensi tano, na moja kati ya hizo ina maneno 25 bila pa kupumulia.

Picha ya ukurasa ni hii: ndani ya nyumba, taa imewashwa. Neema amepiga magoti, kichwa kiko chini ya kitanda. Bibi yuko kando ya jiko, ameziba mdomo kwa mkono ili asicheke. Kikapu kiko karibu naye. Kwenye kona kuna chungu kikubwa, na mdomoni mwa chungu umejitokeza mkia mweupe.

Tutauandika upya ukurasa huu kuanzia mwanzo hadi utakapokuwa tayari kuwekwa mbele ya mtoto.

Kwanza, angalia kama unaruhusiwa

Fungua ukurasa wa hakimiliki. Vitabu vingi vya picha vinavyopatikana bure mtandaoni, kama vya African Storybook na StoryWeaver, hutolewa kwa leseni ya CC BY. Leseni hiyo inakuruhusu kubadilisha maneno na kusambaza ulichobadilisha, mradi uwataje waliotunga na kuchora, utaje leseni, na useme wazi kwamba umebadilisha. Ukiona herufi ND mwishoni mwa jina la leseni, unaweza kuandika upya kwa matumizi yako nyumbani, lakini huruhusiwi kusambaza ulichobadilisha. Kitabu kisicho na leseni ya aina hii kina mwenyewe, na mwenyewe ni wa kuombwa.

Funika maneno, tazama picha

Chukua karatasi, ufunike maandishi yote. Andika kile ambacho picha peke yake inakiambia: ni jioni, kwa sababu taa inawaka. Kuna msichana anayetafuta kitu. Kuna bibi anayejua siri. Kuna mkia.

Hapo utagundua jambo ambalo tafsiri haikulijali. Mtoto anayetazama picha anamwona kuku kabla ya Neema. Huo ndio mchezo wa ukurasa: msomaji anajua, Neema hajui, bibi anajua na anajizuia kucheka. Kwa hiyo maneno yako hayana haja ya kusema kwamba bibi yuko kando ya jiko, wala kwamba chungu ni kikubwa, wala kwamba kikapu kimewekwa mahali fulani na fulani. Hayo yote yamechorwa. Kazi ya maneno ni kumcheleweshea mtoto lile jibu analolijua, mpaka atamani kulisema yeye.

Sasa andika tukio la ukurasa kwa sentensi moja tu, kwa ajili yako mwenyewe: *Neema anamtafuta kuku wake kila mahali, na kumbe yumo chunguni analalia mayai.* Ukishindwa kuliandika kwa sentensi moja, basi ukurasa una matukio mawili, na itabidi uamue lipi libaki.

Kabla ya kufuta chochote, pitia kurasa zinazofuata. Katika kitabu chetu, tuseme ukurasa wa sita unamwonyesha Neema akitandika majani makavu kwenye kikapu ili kumhamishia kuku. Basi kikapu hakiwezi kuachwa kwenye ukurasa wa tano, hata kama nafasi ni finyu. Habari ya kwamba chungu hakikutumiwa muda mrefu haitajwi tena mahali popote. Hiyo inaweza kwenda.

Funika na tafsiri, usimulie kwa mdomo

Watu wengi huharibu kazi hapa. Huchukua sentensi ya kwanza ya tafsiri, wakaipunguza, kisha ya pili, wakaipunguza, mpaka chini. Wanachopata ni kitu kama hiki:

"Ni jioni. Neema ana kuku. Kuku amepotea. Neema ana wasiwasi. Neema anatafuta. Neema anaona chungu. Kuku yupo."

Kila sentensi ni fupi, na ukurasa umekufa. Mtoto atausoma wote bila kukwama na hatakumbuka chochote, kwa kuwa sentensi hazishikani mikono. Ufupi peke yake haumsaidii mtu.

Badala yake, weka tafsiri pembeni, ukae na mtoto (au ujifanye umekaa naye) na umsimulie ukurasa ule ukiwa umeshika picha tu. Jirekodi kwa simu. Mimi niliposimulia, nilisikika nikisema: "Basi jioni kuku wa Neema hakurudi bandani. Neema akamtafuta weee. Akatazama chini ya kitanda, hayupo. Akatazama nyuma ya mlango, hayupo…"

Tazama kilichotokea bila kufikiri. "Aligundua kwamba kuku wake mpendwa hakuwa anaonekana popote" imegeuka kuwa "kuku hakurudi bandani". Mtoto yeyote aliyekaa karibu na kuku anajua kwamba jioni kuku hurudi wenyewe, na asiyerudi ana jambo. Wasiwasi umo humo humo, haukuhitaji kutajwa. Pia imerudi -ka-, ile -ka- ya hadithi: akamtafuta, akatazama. Mtoto ameisikia tangu hajajua herufi, na ndiyo kamba inayofunga tukio moja na linalofuata. Wanaorahisisha vitabu hupenda kubadilisha kila kitu kiwe na -na-: anatafuta, anatazama, anaona. Kwenye kitabu cha kutaja vitu inafaa. Kwenye kisa inakata kamba.

Halafu ikaja zawadi ambayo lugha nyingi hazina: po, ko na mo. Kuku hayupo nyuma ya mlango, lakini kikapuni *hayumo*. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani huyasema haya bila kufundishwa, na hapa neno moja dogo linabeba "hakuwa anaonekana popote ndani yake". Nitalirudia baadaye, kwa sababu ndilo lililonipa mwisho wa ukurasa. (Kwa wasomaji wa Kenya, "hayuko" huenda ikakaa vizuri zaidi mdomoni kuliko "hayupo". Badilisha, ila ubadilishe kote.)

Fungua mafundo yaliyobaki

Ukishasimulia, rudi kwenye tafsiri na kalamu, utafute kama kuna kilichokuponyoka. Ukiwa hapo, jifunze kutambua mafundo, kwa kuwa utayakuta tena kwenye ukurasa wa kumi na kwenye kitabu kijacho. Kwenye ukurasa wetu yapo matatu yanayostahili muda.

La kwanza ni kauli ya kutendwa inayofuatwa na "na". Tafsiri inasema kikapu "kilikuwa kimewekwa na bibi yake". Mtu mzima anaelewa kwamba bibi ndiye aliyekiweka. Lakini kwa mtoto, "na" ni ile ya "mimi na wewe", "chai na mkate". Nimewahi kumsikia mtoto akieleza kwa uhakika kabisa kwamba kikapu na bibi wote wamewekwa kando ya jiko. Hakuwa mjinga, alisoma kilichoandikwa. Mtaje mtendaji kwanza: "bibi aliweka kikapu". Na kama picha imekwisha kusema, usiseme kabisa. Kwenye ukurasa huu bibi ametoka katika maneno na kubaki kwenye picha, na kwa kufanya hivyo umekwepa swali jingine: kwa mtoto wa Kenya mama wa baba ni nyanya, na bibi ni mke, kwa wa Tanzania nyanya ni ya kachumbari.

La pili ni "ambacho" na ndugu zake. "Kikapu ambacho kilikuwa kimewekwa…", "chungu kikubwa ambacho kilikuwa hakijatumiwa…" Kila "amba-" hufungua mlango ndani ya sentensi, na mtoto analazimika kumwacha Neema amesimama nje huku yeye akiingia chumba kingine. Akitoka, amesahau Neema alikuwa anafanya nini. Usidhani kwamba kuibana iwe "kilichowekwa" kunasaidia. Mlango ni ule ule, na neno limerefuka. Ama ukate habari hiyo, ama uifanye sentensi yake yenyewe. Vivyo hivyo "alikuwa ameketi", "kilikuwa kimewekwa", "hakuwa anaonekana": kitenzi cha kuwa kimewekwa mbele ya kitenzi kingine kwa kuwa lugha ya asili ilikuwa na vitenzi viwili. Mara nyingi kimoja kinatosha.

La tatu ndilo lililonichekesha zaidi. Soma tena sentensi ya mwisho: "Alikuwa ameketi juu ya mayai yake." Nani? Sentensi iliyotangulia ilihusu sauti na chungu. Kuku hajatajwa kwa jina tangu sentensi ya kwanza. Neema, bibi na kuku wote wanachukua a- ile ile. Kwa hesabu ya sarufi aliyekalia mayai anaweza kuwa Neema, na watoto wawili kati ya watatu niliowasomea bila picha walijibu hivyo: Neema. Mmoja akaongeza kwamba mayai yamepasuka. Katika lugha iliyotoka, huenda neno la kumtaja kuku lilikuwa tofauti na la kumtaja mtu, kwa hiyo mwandishi hakuwa na hofu. Kwa Kiswahili hofu ipo. Kila mara viumbe wawili wanapokuwa kwenye ukurasa mmoja, piga mstari chini ya kila a-, yu- na -m-, ujiulize ni ya nani. Ukisita, taja jina.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mayai: kuku wa Kiswahili "haketi juu ya mayai". Anaatamia, au analalia. Mfasiri alikuwa na kuku mzima mbele yake akaandika kama asiyewahi kuingia bandani. Nilianza na "anaatamia", neno zuri. Watoto wa kijijini walilipita bila kusimama. Wa mjini walisimama mara mbili: kwanza kwenye zile a mbili zinazofuatana, kisha kwenye maana. Nikachukua "amelalia". Lina mtego wake, maana mtoto huweza kusoma "amelala", lakini neno "mayai" linapofuata hujirekebisha mwenyewe. Ningekuwa naandikia watoto wa darasa la tatu, ningeacha "anaatamia" na kuliacha liwafundishe.

Hesabu silabi kuliko maneno

Miongozo mingi ya kurahisisha vitabu hukupa idadi ya maneno kwa ukurasa. Kwa Kiswahili idadi hiyo inadanganya. "Walipomfungulia" ni neno moja, lakini ndani yake mna watendaji, wakati, mtendewa na tendo, na mtoto anayesoma kwa silabi anapanda ngazi saba: wa-li-po-m-fu-ngu-li-a, nane ukihesabu ile m inayosimama peke yake. Ukimpa mstari wenye maneno matatu ya namna hiyo, umempa mlima.

Kanuni yangu, ambayo nimeifikia kwa kujaribu na kukosea, ni kwamba mstari wa msomaji anayeanza usizidi maneno sita, na ndani yake lisizidi neno moja lenye silabi tano au zaidi. Gonga meza unapohesabu. "Akatazama" ni a-ka-ta-za-ma, silabi tano, lakini baada ya ile a ya mwanzo kila silabi ni konsonanti moja na irabu moja, na neno linarudi mara nne, hivyo mtoto analipanda mara moja tu. Mara tatu zinazofuata analitambua kwa sura.

Hapa nilikuwa na kishawishi. Neno lililonijia kwa kusimulia kwenye kona ya chungu lilikuwa "akachungulia". Fikiria: "akachungulia chunguni". Sikioni ni tamu kama kitendawili. Lakini kwa jicho la mtoto ni chu-ngu mara mbili, maneno mawili yenye silabi zile zile, na ulimi unateleza. Mtoto mmoja alisoma "akachungunia chungulini" na akakataa kuendelea. Nikalirudisha "akatazama". Kama kitabu kingekuwa cha kusomewa na mtu mzima, ningeliacha bila kufikiri mara mbili. Amua mapema ni nani atakayesoma kwa macho na nani atakayesikiliza, kwa kuwa kitabu cha kusikiliza kinabeba maneno mazito zaidi kuliko cha kusoma mwenyewe.

Silabi nyingine za kuangalia ni zile zenye herufi tatu za konsonanti zilizobanana: mbwa, chwa, nywa, ngwa. Hazikatazwi. Mbwa ni mbwa, huwezi kumwita jina jingine. Ila usipange tatu kwenye mstari mmoja, na "machweo" iliyo kwenye tafsiri yetu haina kisingizio wakati "jioni" ipo.

Sauti badala ya maelezo

"Ghafla, sauti ndogo ilisikika ikitokea ndani ya chungu." Maneno manane ya kumwambia mtoto kwamba kuna sauti, na sauti yenyewe haipo! Iandike: *Ko, ko, ko!* Mtoto atashtuka mwenyewe, hutahitaji "ghafla". Kiswahili kina utajiri wa maneno haya: chubwi kwa kilichotumbukia majini, pu! kwa kilichoanguka, tuli kwa aliyenyamaza, ndo ndo ndo kwa maji yanayodondoka. Wafasiri huyaogopa, wakidhani ni ya mitaani, na wanaandika "kulikuwa na sauti ya kuanguka". Kama huna uhakika kuku wa kwenu analiaje, waulize watoto. Watakuonyesha na mabawa pia.

"Kipenzi changu" nayo inatoka. Hakuna mtoto anayemwita kuku wake hivyo; anasema "kuku wangu", au anamwita kwa jina. Kwa mnyama tunaandika "kuku wangu", si "kuku yangu". Hili linakosewa mara nyingi mno vitabuni, na mtoto anayelisoma atalibeba hadi mtihani.

Na "akionekana mwenye fahari"? Mchoraji hakumchora kuku uso, kachora mkia tu. Acha mkia ujisemee.

Ukurasa mpya

Sasa yaunganishe uliyoyasimulia na uliyoyarekebisha:

Jioni, kuku wa Neema hakurudi bandani.
Neema akamtafuta.
Akatazama chini ya kitanda. Hayupo.
Akatazama nyuma ya mlango. Hayupo.
Akatazama kikapuni. Hayumo.
"Kuku wangu, uko wapi?"
Ko, ko, ko!
Akatazama chunguni.
Yumo!
Amelalia mayai.

Maneno 33 badala ya 67. Sentensi zimeongezeka kutoka tano hadi 13, na ndefu kuliko zote ina maneno sita. Hakuna "amba-", hakuna kauli ya kutendwa. Kila a- baada ya mstari wa pili ni ya Neema, isipokuwa ya mstari wa mwisho, ambayo inafuata mara moja baada ya "Yumo!" na mtoto akiwa ameshaona mkia.

Mpangilio wa "hayupo, hayupo, hayumo, yumo" una faida nyingine ambayo sikuitarajia. Mtoto anayekariri badala ya kusoma atasema "hayupo" mara ya tatu pia, kwa kuwa anafuata wimbo. Anayesoma kweli atasimama kidogo, ataona m, na atasema "hayumo". Kwa mwalimu hicho ni kipimo kidogo kilichofichwa ndani ya hadithi.

Kila wazo likae mstari wake. Usiache programu ya kupanga kurasa ikate neno katikati kwa kistari mwishoni mwa mstari. Kwa mtoto "kika-" na "puni" ni vitu viwili. Na kwa kuwa mistari sasa ni mingi, maandishi yatashuka chini ya picha. Hakikisha hayafuniki ile kona yenye chungu. Nimewahi kuona kitabu ambacho kisanduku cha maneno kiliangukia juu ya siri yenyewe.

Wape watoto watatu

Tafuta watoto watatu wa umri unaoulenga, mmoja mmoja, wasisikilizane. Mtoto mwenye kasi kuliko wote darasani hakusaidii. Chukua wa katikati. Usimsomee kwanza. Mpe ukurasa pamoja na picha, wewe ushike nakala yako na penseli. Kila anaposimama, weka nukta juu ya neno. Kila anapokosea, andika alichosema, maana kosa hukuambia zaidi kuliko kusita: "amelala" na "amelalia" ni habari tofauti kabisa na kunyamaza.

Akimaliza, usimwulize "umeelewa?" Atasema ndiyo, watoto wetu wamefundishwa adabu. Mwambie funga kitabu unisimulie. Kisha uliza maswali ambayo hayajibiki kwa ndiyo: Neema alitafuta wapi kwanza? Nani kalalia mayai? Kwa nini bibi anaziba mdomo? Hilo la mwisho halimo kwenye maneno, limo kwenye picha, na akilijibu ujue picha na maneno vimefanya kazi pamoja.

Kipimo cha kawaida cha walimu wa kusoma ni kwamba mtoto akikosea zaidi ya neno moja katika kila kumi, ukurasa ni mgumu kwake hata akisaidiwa. Kwa maneno 33, kikomo ni makosa matatu. Mmoja akipata manne au zaidi, tazama kama wenzake nao wamekosea maneno yale yale. Kama ndiyo, tatizo ni neno, libadilishe. Kama kila mmoja kakosea mahali pake, tatizo huenda ni kiwango: ukurasa ni wa watoto wakubwa kidogo, na hakuna haja ya kuendelea kuupasua.

Kwangu, wawili kati ya watatu walisimama kwenye "hakurudi", na nilipotazama nikaona sababu haikuwa neno bali nafasi yake: mstari wa kwanza ulikuwa umepangwa kwa herufi ndogo kuliko mingine ili utoshe upana. Nikaugawa mara mbili, "Jioni, kuku wa Neema" juu na "hakurudi bandani" chini, herufi zikalingana, na nukta zikatoweka kwa watoto watatu wengine.

Weka majina

Rudi kwenye ukurasa wa hakimiliki uongeze mstari wako bila kufuta ya wengine. Mwandishi wa asili abaki, mchoraji abaki, na mfasiri pia abaki, hata kama hakuna sentensi yake hata moja iliyosalimika. Bila yeye usingekuwa na cha kuandika upya. Inatosha kuandika: "Maneno yameandikwa upya kwa wasomaji wa darasa la kwanza na" likifuatwa na jina lako na mwaka, kisha jina la leseni kama lilivyokuwa. Faili lihifadhi kwa jina jipya lenye neno "rahisi" ndani yake, na lile la zamani liache lilipo. Mwalimu wa darasa la nne atalitaka.